Shajara ya mradi: kila kundi limepanda, jumla imeshuka

Shajara hii inafuatilia kazi moja ya uchambuzi kuanzia ripoti iliyozua mzozo hadi uamuzi uliofuata. Ninaiandika hatua kwa hatua, pamoja na makosa yangu, ili mwenzangu yeyote anayeshughulikia takwimu za matangazo aweze kurudia hesabu hizi kwa data zake mwenyewe.

9 Juni 2025: Ripoti ya Mei

Duka letu la Dar es Salaam linauza majiko banifu ya mkaa kwa njia ya mtandao na kupeleka mizigo mikoani kwa mabasi. Tarehe 1 Mei tulifanya mabadiliko mawili kwa wakati mmoja. Ukurasa wa bidhaa uliandikwa upya, bei pamoja na nauli ya mzigo zikawekwa juu kabisa badala ya kufichwa mwishoni. Na bajeti ya matangazo ikapandishwa kutoka shilingi 3,060,000 kwa mwezi hadi shilingi 6,930,000. Kila lililotusumbua baadaye lina mizizi hapo, kwa sababu mambo mawili yakibadilishwa siku moja, matokeo yake hufika yakiwa yamefungwa fundo moja.

Mwezi Machi tulipata ziara 10,200 na oda 572, yaani asilimia 5.6 ya ziara ziliishia kwenye oda. Mwezi Mei tulipata ziara 19,800 na oda 817, yaani asilimia 4.1. Aprili nimeiacha nje ya ulinganisho kwa sababu ina Pasaka na kwa sababu ukurasa mpya ulikuwa ukiwashwa na kuzimwa kwa majaribio. Meneja wa mauzo aliisoma ripoti na kuhitimisha kwamba ukurasa mpya unafukuza wanunuzi, akataka ule wa zamani urudishwe kabla ya Ijumaa. Nilimwomba muda hadi mwisho wa mwezi, akakubali.

12 Juni 2025: Mgawanyo wa kwanza uliokosea, na wa pili

Hatua ya kwanza ilikuwa kuigawa jumla. Niligawa wageni wa ukurasa katika wale waliofika kwenye hatua ya malipo na wale walioishia kabla yake, na kwa saa kadhaa niliamini kwamba nimepata jibu, kwa kuwa kati ya waliofika kwenye malipo kiwango cha kukamilisha oda kilikuwa kimepanda sana.

Mgawanyo huo haufai. Ukurasa mpya unaonyesha nauli ya mzigo mwanzoni kabisa, kwa hiyo mtu ambaye zamani angefika kwenye malipo, akaona nauli ya kwenda Sumbawanga na kuondoka, sasa anaondoka mapema zaidi. Wanaofika kwenye malipo ni wachache na wamekwisha kuikubali bei. Kiwango chao kimepanda kwa sababu ukurasa wenyewe umewachuja, si kwa sababu umewashawishi. Kundi la kulinganisha lazima liwe limeamuliwa kabla mtu hajakutana na kile tunachokipima, la sivyo tunalinganisha watu wa aina tofauti chini ya jina moja. Nimepoteza siku nzima kwa kosa hili.

Mgawanyo wa pili ulitumia jambo linalojulikana kabla ukurasa haujafunguka: je, mtu huyu amewahi kufika kwetu hivi karibuni, au ni mgeni kabisa? Mfumo wetu wa takwimu unaliweka hilo katika safu ya `aina_ya_mgeni`. Matokeo yalikuwa haya:

| Kundi | Machi: ziara | Machi: oda | Kiwango | Mei: ziara | Mei: oda | Kiwango |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Wanaorudi | 6,120 | 490 | 8.0% | 4,950 | 446 | 9.0% |
| Wapya | 4,080 | 82 | 2.0% | 14,850 | 371 | 2.5% |
| Jumla | 10,200 | 572 | 5.6% | 19,800 | 817 | 4.1% |

Wanaorudi wamepanda, wapya wamepanda, na jumla imeshuka. Nilirudia kujumlisha kwa mkono, kwenye karatasi, kabla ya kumwonyesha mtu yeyote. Hesabu ni sahihi. Hiki ndicho kinachoitwa kitendawili cha Simpson, kwa jina la mtakwimu Mwingereza Edward Simpson aliyekieleza mwaka 1951, ingawa Udny Yule alikwisha kukiandikia mwaka 1903.

Ufumbuzi uko katika safu za ziara, si katika safu za viwango. Mwezi Machi, ziara 60 kati ya kila 100 zilikuwa za wanaorudi, ambao hununua mara nne zaidi ya wapya. Mwezi Mei zilikuwa 25 kati ya kila 100. Kiwango cha jumla ni wastani wa makundi mawili, na kila kundi linauvuta wastani huo upande wake kwa nguvu ya idadi yake. Bajeti iliyoongezwa ililetea duka umati wa watu ambao hawajawahi kutusikia, na umati huo ukauvuta wastani kuelekea kwenye asilimia 2.5 yao, hata kama wenyewe wanafanya vizuri kuliko wapya wa Machi.

17 Juni 2025: Kuihakiki programu

Kabla ya kuitegemea programu niliyoiandika, niliipima kwa data ambazo jibu lake linajulikana. Nilitumia takwimu za matibabu ya mawe ya figo zilizochapishwa mwaka 1986 katika jarida la kitabibu la Uingereza. Upasuaji wa wazi ulifanikiwa kwa wagonjwa 273 kati ya 350, sawa na asilimia 78. Utoaji wa mawe kupitia tundu dogo ulifanikiwa kwa 289 kati ya 350, sawa na asilimia 83. Ukiwagawa wagonjwa kwa ukubwa wa jiwe, upasuaji wa wazi unashinda pande zote mbili: kwa mawe madogo 81 kati ya 87 dhidi ya 234 kati ya 270, na kwa mawe makubwa 192 kati ya 263 dhidi ya 55 kati ya 80. Sababu ni kwamba wagonjwa wenye mawe makubwa, ambao kesi zao ni ngumu kwa njia yoyote, walipelekwa zaidi kwenye upasuaji wa wazi.

Programu ilitoa tarakimu hizo zote kama zilivyo. Mfano huu umenisaidia pia katika kumweleza meneja, kwa kuwa kila mtu anaelewa kwamba daktari anayepelekewa kesi ngumu hawezi kuhukumiwa kwa jumla ya matokeo yake. Ukurasa wetu wa Mei ulipelekewa kesi ngumu.

19 Juni 2025: Kuitenganisha tofauti

Meneja alikubali maelezo, kisha akauliza swali lililo sahihi: kati ya kushuka huku kwa pointi 1.48, ni kiasi gani kimetokana na mchanganyiko wa wageni, na ni kiasi gani kimetokana na jinsi tunavyouza? Sehemu ya kutenganisha ni fupi:

```python
import pandas as pd

d = pd.read_csv("ziara.csv")
g = d.groupby(["kipindi", "kundi"])[["ziara", "oda"]].sum()
g["kiwango"] = g["oda"] / g["ziara"]
g["uzito"] = g["ziara"] / g.groupby(level=0)["ziara"].transform("sum")

k = g["kiwango"].unstack(0)
u = g["uzito"].unstack(0)
utendaji = ((k["mei"] - k["machi"]) * u["machi"]).sum()
mchanganyiko = ((u["mei"] - u["machi"]) * k["mei"]).sum()
```

Kwa maneno, mstari wa `utendaji` unauliza: laiti wageni wa Mei wangekuja kwa uwiano uleule wa Machi, 60 kwa 40, kiwango cha jumla kingekuwa kipi? Jibu ni asilimia 6.41, yaani ongezeko la pointi 0.80 juu ya Machi. Mstari wa `mchanganyiko` unachukua kilichobaki, nacho ni upungufu wa pointi 2.28. Ukiyajumlisha mawili hayo unapata upungufu wa pointi 1.48, ndio ule ulioonekana kwenye ripoti.

Hapa kuna jambo ambalo sikulitegemea na ambalo lisipoandikwa litaleta ubishi. Ukitumia uwiano wa Mei badala ya uwiano wa Machi kama kipimio, utendaji unatoka pointi 0.62 na mchanganyiko unatoka upungufu wa pointi 2.10. Jumla haibadiliki, lakini mgawanyo unabadilika, kwa sababu sehemu ya tofauti inatokana na vitu viwili kusogea pamoja na haina mwenyewe wa asili. Watu wawili wanaweza kutoa majibu mawili tofauti na wote wakawa sahihi. Tumeafikiana kutumia uwiano wa kipindi cha nyuma siku zote na kuliandika hilo chini ya kila jedwali.

25 Juni 2025: Nusu ya ushindi ilikuwa ya tafsiri

Hili ndilo kosa kubwa la mradi, na karibu lipite bila kuonekana. Nilikuwa nimekwisha kuandika rasimu ya ripoti isemayo kwamba ukurasa mpya umeboresha kila kundi. Nilipokuwa nikitafuta maana kamili ya safu ya `aina_ya_mgeni` ili niiweke kwenye maelezo ya chini, nilikuta kumbukumbu ya mipangilio ya tarehe 14 Aprili: muda wa kumhesabu mtu kuwa anayerudi ulipunguzwa kutoka siku 30 hadi siku 7. Fundi aliyefanya hivyo alikuwa na sababu nzuri ya kazi yake, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna ripoti inayotegemea tafsiri ile ya zamani.

Kwa hiyo mtu aliyetembelea ukurasa wiki mbili zilizopita alikuwa anayerudi mwezi Machi, lakini mwezi Mei alihesabiwa kuwa mpya. Data ghafi zina tarehe ya ziara ya mwisho, basi niliweza kuwatafuta watu hao. Katika Mei walikuwa na ziara 1,100 na oda 70, yaani asilimia 6.4.

Angalia mahali kiwango hicho kinapoangukia. Kiko chini ya asilimia 9.0 ya waliorudi ndani ya siku 7, kwa hiyo kuwatoa watu hawa katika kundi la wanaorudi kunaupandisha wastani wa kundi hilo. Kiko juu sana ya kiwango cha wapya wa kweli, kwa hiyo kuwaingiza katika kundi la wapya kunaupandisha wastani wa kundi hilo pia. Watu walewale, oda zilezile, hakuna aliyenunua hata jiko moja la ziada, na makundi yote mawili yamepanda. Madaktari wanalifahamu jambo hili tangu mwaka 1985, lilipoelezwa katika utafiti wa saratani ya mapafu: vipimo vipya vilipogundua vivimbe vidogo vilivyosambaa, wagonjwa fulani wa hatua za mwanzo walihamishiwa hatua za mbele, na wastani wa kuishi ukapanda katika kila hatua bila mgonjwa yeyote kuongezewa siku. Wao huliita jambo la Will Rogers, kwa jina la mchekeshaji wa Kimarekani.

Niliirudisha tafsiri ya siku 30 kwa miezi yote miwili na kuhesabu upya. Wanaorudi wa Mei wakawa ziara 6,050 na oda 516, sawa na asilimia 8.5 badala ya 9.0. Wapya wakawa ziara 13,750 na oda 301, sawa na asilimia 2.2 badala ya 2.5. Kitendawili kimebaki, kwa kuwa makundi yote mawili bado yako juu ya Machi na jumla bado ni asilimia 4.1, lakini sehemu ya utendaji imeshuka kutoka pointi 0.80 hadi pointi 0.39. Zaidi ya nusu ya ushindi niliotaka kuutangaza ilitokana na watu kubadilishiwa jina la kundi.

Na hizo pointi 0.39 zenyewe ni za kuaminika kiasi gani? Kwa wanaorudi, tofauti kati ya miezi miwili ni pointi 0.52, na kosa la sampuli la tofauti hiyo ni takriban pointi 0.50. Kwa wapya, tofauti ni pointi 0.18 na kosa lake ni takriban pointi 0.25. Tofauti inayolingana na kosa lake la sampuli, au iliyo ndogo kuliko hilo kosa, inaweza kuletwa na bahati ya mwezi. Rasimu niliifuta, nikamwandikia meneja kwamba data za Machi na Mei zinatosha kuuondolea ukurasa lawama, lakini hazitoshi kuupa sifa.

30 Juni 2025: Kupanga jaribio

Njia ya kutoka ni kuwaonyesha watu ukurasa wa zamani na ukurasa mpya katika kipindi kilekile, kwa bahati nasibu, ili mchanganyiko wa wageni usiweze kutofautiana kati ya pande mbili. Kila kivinjari kinapewa upande wake mara moja na kubaki nao, ili mtu anayerudi asikutane na ukurasa tofauti na aliouona jana. Tafsiri ya anayerudi imefungwa kwenye swali la hifadhidata lenyewe, siku 30, na haitegemei tena mipangilio ya mfumo.

Kwa kuwa meneja ana wasiwasi na ukurasa mpya, tumekubaliana kwamba wiki ya kwanza uonekane kwa mgeni 1 kati ya 10 tu, na kama hakuna hitilafu, tupande hadi nusu kwa nusu kwa wiki tano zinazofuata. Jaribio linaanza kesho, tarehe 1 Julai.

13 Agosti 2025: Kitendawili kimerudi kwa mlango mwingine

Jaribio liliisha juzi. Nilijumlisha wiki zote sita, nikapata hivi: ukurasa wa zamani ziara 18,290 na oda 811, asilimia 4.4, ukurasa mpya ziara 14,000 na oda 587, asilimia 4.2. Meneja alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Alisema, «Kaka, si nilikwambia tangu Juni?»

Nilimwomba tuzitazame wiki moja moja kabla hajatoka. Wiki ya kwanza ilikuwa wiki ya mishahara ya mwisho wa Juni, na Maonesho ya Sabasaba yalikuwa yamefika kwenye kilele chake, watu wakiyaona majiko yetu kwenye banda la wakala na kuagiza kwa simu wakiwa njiani kurudi nyumbani. Wiki hiyo ukurasa wa zamani ulipata oda 341 katika ziara 4,870, asilimia 7.0, na ukurasa mpya ulipata oda 41 katika ziara 540, asilimia 7.6. Katika wiki tano zilizofuata, ukurasa wa zamani ulipata oda 470 katika ziara 13,420, asilimia 3.5, na ukurasa mpya oda 546 katika ziara 13,460, asilimia 4.1.

Ukurasa mpya umeshinda katika wiki ya kwanza na umeshinda katika wiki tano zilizofuata, lakini umeshindwa katika jumla ya wiki sita. Safari hii si aina ya mgeni iliyoharibu ulinganisho, bali kalenda: zaidi ya robo ya ziara za ukurasa wa zamani zilitokea katika wiki nono ya Sabasaba, ilhali ukurasa mpya ulipewa ziara chini ya 4 katika kila 100 zake katika wiki hiyo. Tahadhari yetu wenyewe, ya kuanza na mgeni 1 kati ya 10, ndiyo iliyoleta tofauti ya mchanganyiko ambayo jaribio lilibuniwa kuiondoa. Bahati nasibu inalinda ulinganisho ndani ya kipindi chenye uwiano mmoja wa kugawa. Uwiano ukibadilika katikati, vipindi viwili haviruhusiwi kumwagwa ndani ya chungu kimoja.

Suluhisho ni rahisi: wiki ya kwanza nimeiweka kando, ikabaki kuwa wiki ya kukagua hitilafu tu, na hukumu imetolewa kwa wiki tano za nusu kwa nusu. Tofauti ni pointi 0.55 kwa faida ya ukurasa mpya, na kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 iko kati ya takriban pointi 0.1 na pointi 1.0. Upana huo ni mkubwa, na mtu asiutangaze ukurasa huu kwa tarakimu moja tu ya 0.55 kana kwamba imepimwa kwa rula. Lakini sifuri iko nje ya mipaka hiyo. Nilichunguza pia uwiano wa wanaorudi katika pande zote mbili, nikakuta umelingana, jambo ambalo linanithibitishia kwamba ugawaji ulifanya kazi.

Gharama ya jaribio tumeihesabu kwa uwazi. Nusu ya wageni wa wiki tano waliendelea kuona ukurasa ulio dhaifu, na kwa tofauti ya pointi 0.55 hiyo ni takriban oda 74 tulizozikosa. Faida yetu kwa kila jiko kabla ya kulipia matangazo ni shilingi 14,000, kwa hiyo tumelipa kiasi cha shilingi 1,036,000 ili kujua. Kama tungeyatenganisha mabadiliko mawili tangu Mei, tungelipa gharama hii mara moja na mapema zaidi.

20 Agosti 2025: Swali la bajeti lililojificha nyuma ya ukurasa

Ukurasa umepona, lakini kuna kitu ambacho hesabu ya makundi ilikaribia kutufichia. Mtu anayesikia kwamba kila kundi limepanda na kwamba kushuka ni suala la mchanganyiko tu, anaweza kudhani kwamba hakuna tatizo lolote. Katika duka letu mchanganyiko haukuanguka kutoka mbinguni. Tuliununua kwa shilingi 3,870,000 za ziada.

Basi nimehesabu upya kwa fedha. Machi tulilipa shilingi 3,060,000 kwa oda 572, yaani takriban shilingi 5,350 kwa oda. Mei tulilipa shilingi 6,930,000 kwa oda 817, yaani takriban shilingi 8,480. Wastani wote wawili uko chini ya faida ya shilingi 14,000 kwa jiko, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Lakini oda zilizoongezeka ni 245, na fedha zilizoongezeka ni shilingi 3,870,000, kwa hiyo kila oda ya ziada ilitugharimu takriban shilingi 15,800. Kwa kila jiko la ziada tulipata shilingi 14,000 na kulipa zaidi ya hizo. Faida baada ya matangazo ilikuwa shilingi 4,948,000 mwezi Machi na shilingi 4,508,000 mwezi Mei. Na tukikumbuka kwamba baadhi ya oda hizo 245 zililetwa na ukurasa bora wala si na matangazo, hali ya bajeti iliyoongezwa ni mbaya zaidi ya hapo.

Kwa hiyo meneja alikuwa na haki ya kuhisi kwamba Mei kuna kitu kimeharibika. Alichokosea ni mshukiwa. Kwa swali la kama ukurasa unauza, mtu asome makundi, kwa sababu ukurasa haukuchagua nani aje. Kwa swali la kama bajeti ilikuwa na busara, asitafute faraja katika makundi, kwa sababu kubadilisha mchanganyiko ndiyo kazi hasa ambayo bajeti hiyo ilifanya. Data ni zilezile. Kinachoamua ni safu ipi isomwe ni kile tulichokigusa kwa mikono yetu na kile kilichotokea kwa sababu yake.

Uamuzi uliochukuliwa leo: ukurasa mpya unabaki kwa wageni wote, na bajeti inarudi karibu na kiwango cha Machi kuanzia tarehe 1 Septemba, kisha itapandishwa kwa hatua za shilingi 500,000, huku kila hatua ikipimwa kwa gharama ya oda ya ziada badala ya wastani.

3 Oktoba 2025: Ripoti ya Septemba

Septemba tumetumia shilingi 3,012,000, tukapata ziara 10,040 na oda 600, sawa na asilimia 6.0. Wanaorudi walikuwa ziara 5,430 na oda 489, sawa na asilimia 9.0, wapya walikuwa ziara 4,610 na oda 111, sawa na asilimia 2.4. Faida baada ya matangazo ni shilingi 5,388,000.

Slaidi iliyoandaliwa kwa ajili ya kikao cha wakurugenzi ilisema kwamba kiwango cha oda kimepanda kwa pointi 1.85 tangu Mei kutokana na ukurasa mpya, na jina langu lilikuwa chini yake kwa shukrani. Niliendesha ile programu ya Juni, safari hii nikiweka Mei kama kipindi cha nyuma, kwa tafsiri ya siku 30. Utendaji umeongeza pointi 0.30. Mchanganyiko umeongeza pointi 1.55, kwa kuwa wapya walikuwa 69 kati ya kila ziara 100 mwezi Mei na sasa ni 46. Tulipunguza matangazo kwa wapya, wapya wakapungua, wastani ukapanda.

Hata hizo pointi 0.30 si za ukurasa, kwa sababu ukurasa wa Mei na ukurasa wa Septemba ni uleule. Huenda zimetokana na msimu, au na matangazo machache yaliyolengwa vizuri zaidi, au na bahati ya mwezi. Kosa la sampuli linaruhusu yote matatu. Nimeomba slaidi iandikwe upya kwa mistari miwili, mmoja wa ukurasa ukiwa na pointi 0.55 za jaribio pamoja na mipaka yake, na mwingine wa bajeti ukiwa na shilingi za faida peke yake bila kiwango chochote. Slaidi mpya imepelekwa leo saa kumi jioni.